Umefuta chati, mbona ChatGPT bado inakujua?

Swali hili linazunguka sana siku hizi, kuanzia maofisini Posta hadi kwenye fremu za biashara Sinza na Mbagala. Mtu ameongea na ChatGPT kuhusu jambo la ndani, akaingiwa na wasiwasi, akaifuta ile chati. Wiki inayofuata anaomba kitu kingine kabisa, tangazo la biashara kwa mfano, na jibu linakuja likiwa na lile jambo ndani yake. Hapo ndipo maneno yanapoanza: wengine wanasema inarekodi simu, wengine wanasema kitufe cha kufuta ni danganya toto.

Kitufe kinafanya kazi. Tatizo ni kwamba kinafuta sehemu moja tu, na taarifa zako zinaweza kuwa zimekaa sehemu mbili au tatu. Ukizijua sehemu hizo, kufuta ni kazi ya robo saa.

Tuanze na jinsi kumbukumbu hii inavyofanya kazi, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Programu za akili mnemba zinazojibu maswali hazina kumbukumbu kama ya binadamu. Kila unapofungua chati mpya, unakutana na mtambo usiokujua hata jina. Mfikirie kijana anayeuza kwenye duka la Mangi, mwenye akili sana lakini kila asubuhi ameshasahau wateja wote. Ili asiaibike, Mangi ameweka daftari chini ya kaunta: "Mama wa nyumba ya kona hununua unga kilo 2, hapendi kuuliziwa madeni mbele za watu." Ukiingia dukani, kijana anachungulia daftari haraka kisha anakusalimia kana kwamba mnajuana miaka.

Ndivyo ilivyo kwa ChatGPT. Kabla swali lako halijasomwa, mfumo unalitangulizia maandishi mafupi yanayokuhusu, na mtambo unasoma vyote kwa pamoja. Wewe huyaoni maandishi hayo kwenye skrini, unaona matokeo yake tu. Kwa hiyo ukiuliza "inanikumbuka vipi?", jibu ni kwamba inasomewa upya kila mara, na yale inayosomewa yameandikwa mahali fulani.

Mahali hapo ni pawili. La kwanza ni lile daftari lenyewe, ambalo kwenye skrini linaitwa `saved memories`. Ni orodha ya sentensi fupi fupi, moja moja: unafanya kazi gani, una watoto wangapi, unapenda majibu ya aina gani. Nyingine zinaingia kwa sababu umesema "kumbuka kwamba…", nyingine mfumo unaziandika wenyewe unapoona zitafaa baadaye. OpenAI, kampuni inayotengeneza ChatGPT, ilianza kuijaribu sehemu hii kwa watumiaji wachache Februari 2024, kisha ikaisambaza kwa wengine mwaka huo huo.

La pili lilikuja Aprili 2025 kwa wanaolipia, na Juni mwaka huo toleo lake jepesi likawafikia wanaotumia bure. Kwenye skrini linaitwa `Reference chat history`. Hapa hakuna daftari la kufunua. Mfumo unapitia chati zako za nyuma na kuchota humo unachoona kinahusika, kama vile yule kijana wa dukani anavyopekua bunda la risiti za zamani ili ajue ulinunua nini mwezi uliopita. Risiti hazina orodha iliyopangwa, lakini habari zimo.

Sasa ona kinachotokea ukifuta chati. Umechoma risiti, ila kama habari ilikuwa imeshanakiliwa kwenye daftari, daftari halijaguswa. Na kinyume chake ni kweli pia: ukifuta mstari kwenye daftari huku ile chati uliyoongelea jambo hilo bado ipo, risiti ipo, na mfumo unaweza kulichota tena humo. Ili kitu kitoke kweli, lazima kitolewe pande zote mbili.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme kuna dada anayeoka keki Sinza. Ana akaunti moja ya ChatGPT, na kijana anayemsaidia kupeleka oda anaitumia pia kwenye simu ya biashara. Dada amewahi kuuliza mambo mengi kuhusu chakula cha mumewe mwenye kisukari, kisha akafuta chati moja kati ya hizo. Baada ya muda anaomba tangazo la keki za harusi, na linakuja na mstari unaosifia keki "zinazowafaa hata wenye kisukari nyumbani kwetu". Juu ya hapo, bei iliyotajwa ni ya zamani. Na mwishoni mfumo unamtakia heri katika mtihani wa uhasibu, mtihani asioujua.

Hatua ya kwanza ni kulifungua daftari. Kwenye simu, gusa jina au picha yako ndani ya programu ili uingie kwenye mipangilio, `Settings`. Kwenye kompyuta, jina lako liko chini kushoto. Ndani ya `Settings` tafuta `Personalization`, kisha sehemu ya `Memory`. Utaona vitufe viwili vya kuwasha na kuzima, `Reference saved memories` na `Reference chat history`, na karibu yake neno `Manage` au `Manage memories`. Hilo ndilo linalofungua orodha. Maneno haya hubadilishwa kidogo toleo jipya linapotoka, na kama programu yako umeiweka kwa Kiswahili utayaona kwa tafsiri, lakini njia ni ile ile: mipangilio, kisha kubinafsisha, kisha kumbukumbu.

Dada anafungua na kukuta mistari minne. Anaoka keki Sinza. Keki ya kilo moja ni shilingi 35,000. Anasomea cheti cha uhasibu. Anapenda majibu mafupi kwa Kiswahili. Usishangae ukikuta mistari yako imeandikwa kwa Kiingereza ingawa uliongea Kiswahili. Hutokea, na ndiyo maana ukiitafuta kwa neno la Kiswahili unaweza kudhani haipo. Isome mstari kwa mstari.

Mtihani wa uhasibu umeshajulikana unatoka wapi: ni wa yule kijana. ChatGPT inatambua akaunti tu, haijui ni kidole cha nani kinachoandika. Watu wawili wakitumia akaunti moja, daftari linawachanganya kuwa mtu mmoja mwenye maisha mawili. Hili linawagusa sana wale wanaochangishana dola 20 za mwezi kwa akaunti ya kulipia na kugawana nywila. Hawachangii huduma tu. Kila mmoja wao anaweza kufungua `Manage memories` na kusoma ya mwenzake, na hata asipofungua, atayapata yakijipenyeza kwenye majibu.

Bei ya zamani nayo iko wazi, mstari wa pili. Lakini kisukari hakimo kwenye daftari kabisa. OpenAI inasema imeufundisha mfumo usijiandikie wenyewe mambo nyeti kama afya isipokuwa umeuambia. Kumbe habari ya mume imetoka kwenye risiti, yaani kwenye chati nyingine kuhusu chakula ambazo bado zipo. Alifuta moja, zilikuwa tatu.

Utajuaje, kwa kitu chochote, kinatoka daftarini au kwenye risiti? Kuna kipimo rahisi. Zima `Reference chat history` peke yake na uache `Reference saved memories` ikiwa imewashwa. Fungua chati mpya, maana chati ya zamani ina maneno yenyewe juu yake na itakudanganya. Kisha andika: "Kabla sijakwambia chochote leo, orodhesha yote unayoyajua kunihusu mimi na biashara yangu." Kama jambo lile limetokea, liko kwenye daftari. Kama halikutokea, washa tena kitufe, fungua chati nyingine mpya, uliza vile vile. Likirudi, linatoka kwenye chati za nyuma.

Majibu ya kipimo hiki yasomwe kwa akili. Mfumo unaweza kutaja baadhi na kuacha mengine, na mara nyingine unajazia kwa kubahatisha. Kwa daftari, kinachoaminika ni orodha iliyoko kwenye mipangilio. Kwa chati za nyuma hakuna orodha kama hiyo, ndiyo maana tunalazimika kuuliza. Kwa maoni yangu hapa ndipo huduma hii ina kasoro kubwa: sehemu inayobeba habari nyingi zaidi ndiyo isiyoonekana.

Kuna pia sehemu ya tatu ambayo watu huisahau kwa sababu waliijaza wenyewe. Ndani ya `Personalization` kuna nafasi ya maelekezo, `Custom instructions`, ambapo unaweza kuandika jina lako, kazi yako na namna unavyotaka kujibiwa. Mfumo hauandiki humo wenyewe wala kufuta `Manage memories` hakufiki huko. Kama uliandika mwaka juzi kwamba wewe ni mwalimu na sasa uko bandarini, utaendelea kuitwa mwalimu hadi ulitoe neno hilo kwa mkono wako.

Turudi kwa dada yetu, sasa arekebishe. Mstari wa uhasibu anaufuta kwa alama ya pipa la taka iliyo kando yake. Kwa bei, njia ya kawaida ni kuongea nayo: "Bei ya keki ya kilo moja sasa ni 40,000. Futa kumbukumbu ya 35,000 na uhifadhi hii mpya." Ikihifadhi, alama ndogo yenye maneno `Memory updated` hutokea kwenye chati. Asipoiona hiyo alama, asiridhike na jibu tamu la "sawa, nimeshabadilisha". Mtambo wa lugha unaweza kukuambia umefanya jambo ambalo halijafanyika. Arudi kwenye orodha aangalie kwa macho. Kosa la kawaida ni kukuta bei zote mbili zimekaa pale, ya zamani na mpya, na siku inayofuata tangazo linachukua yoyote. Akikuta hivyo, aifute ya zamani kwa mkono.

Hapo hapo kuna ushauri wa kikazi: vitu vinavyobadilika, kama bei, namba ya lipa au siku za kufungua, visikae kwenye kumbukumbu kabisa. Ziandike kwenye ombi lenyewe kila unapohitaji tangazo. Kumbukumbu inafaa kwa mambo yanayodumu, kama lugha unayotaka na urefu wa majibu.

Kisukari sasa. Anaingia kwenye sehemu ya kutafuta chati, anaandika "sukari", kisha "kisukari", kisha "mume wangu", na kufungua kila inayotokea. Zile zinazohusika anazifuta moja moja. Aangalie asibonyeze `Archive` akidhani ni kufuta. Hiyo huihamisha chati kutoka mbele ya macho na kuiweka kabatini. Habari zake bado zipo kwenye akaunti. Kama aliwahi kuhifadhi chati kwa njia hiyo, ataikuta ndani ya `Settings`, sehemu ya `Data controls`, kwenye orodha ya chati zilizowekwa kabatini, na aifute huko.

Chati iliyofutwa huondoka kwenye skrini yako mara moja, lakini OpenAI inasema kuifuta kabisa kwenye mitambo yao hupangwa ndani ya siku 30, isipokuwa pale sheria au sababu za usalama zinapowalazimu kuitunza. Mstari uliofutwa daftarini nao kumbukumbu yake ya kiufundi inaweza kubaki hadi siku 30. Ukizima kitufe cha `Reference chat history`, yale yaliyochotwa kwenye chati za nyuma hufutwa ndani ya muda huo huo. Kwa hiyo usipime dakika tano baada ya kufuta ukakata tamaa. Pima leo, halafu pima tena baada ya siku kadhaa.

Na kama anataka kuanza upya kabisa? Mpangilio wa hatua una maana yake. Kwanza achukue nakala kama kuna matangazo au hesabu anazozihitaji: `Data controls`, kisha `Export data`, na kiungo cha kupakua kinakuja kwa barua pepe. Kiungo hicho hufa baada ya saa 24, kwa hiyo asikiache hadi kesho kutwa. Pili azime vitufe vyote viwili vya kumbukumbu, ili kisiandikwe kitu kipya wakati anasafisha. Tatu afungue `Manage memories` na kufuta zote kwa pamoja. Nne aingie `Data controls` na kufuta chati zote. Tano asafishe `Custom instructions`. Kuzima vitufe bila kufuta ni kulifungia daftari kwenye droo: halisomwi, lakini siku ukiwasha tena mistari yote iko pale pale. Na kufuta programu kwenye simu hakugusi chochote kati ya hivi, kwa sababu vyote vimekaa kwenye akaunti. Ukinunua simu nyingine na kuingia kwa barua pepe ile ile, daftari linakufuata.

Kwa mambo ambayo hutaki yaandikwe tangu mwanzo, kuna `Temporary chat`, kitufe kilicho juu ya skrini unapofungua chati mpya. Chati ya aina hiyo haiandiki kumbukumbu, na haibaki kwenye orodha yako. Nakala yake inaweza kutunzwa hadi siku 30 kwa ajili ya usalama, basi. Dada yetu angeuliza habari za mumewe humo, tangazo la harusi lisingepata doa. Dosari yake ni moja: ukiifunga imekwenda, kwa hiyo nakili jibu kabla hujatoka.

Yapo mambo mawili yanayochanganywa na kumbukumbu, na uvumi mwingi unatokea hapo. La kwanza ni mafunzo. Kuandikwa kwenye daftari lako ni jambo moja. Mazungumzo yako kutumika kuboresha mitambo ya baadaye ni jambo lingine, lenye kitufe chake ndani ya `Data controls`, kinachoitwa `Improve the model for everyone`. Daftari ni la duka moja, mafunzo ni kama kumpeleka kijana shule. Ukizima kumbukumbu hujazima mafunzo, na ukizima mafunzo daftari linaendelea kuandikwa. Kwa hiyo anayetaka vyote vizimwe azime pande zote. Na mtu mwingine mwenye akaunti yake, hata akiuliza jina lako, hasomewi daftari lako.

La pili ni mahali ulipo. Watu hufuta kila kitu, wanauliza habari za hali ya hewa, wanajibiwa kuhusu Dar es Salaam, wanashtuka. Mfumo unaweza kukadiria eneo kutokana na mtandao unaotumia, sawa na tovuti nyingi tu. Hiyo haitoki daftarini wala huwezi kuifuta humo.

Gemini ya Google ina mgawanyo unaofanana ingawa milango ni tofauti. Mambo uliyoiambia iyakumbuke yanaonekana kwenye `gemini.google.com/saved-info`, ambapo unaweza kuongeza, kuhariri na kufuta. Mazungumzo yenyewe yako kwenye `myactivity.google.com/product/gemini`, na kwa kawaida hujifuta baada ya miezi 18. Unaweza kushusha hadi miezi 3 au kupandisha hadi 36. Onyo ni lile lile, kusafisha ukurasa mmoja hakusafishi mwingine.

Kabla ya kufunga mipangilio, dada yetu ana mistari mingine ya kuangalia, ile inayohusu watu wengine. Wenye biashara ndogo hubandika kwenye chati orodha za wateja na namba zao, nani ana mzio wa karanga, nani hajamaliza deni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na mteja aliyekuambia ana mzio hakukupa ruhusa ya kumwandika kwenye daftari la mtu wa tatu. Ukihitaji ratiba ya oda, andika "mteja A" na "mteja B", majina yabaki kwenye karatasi yako.

Kisha amfungulie kijana akaunti yake mwenyewe. Ya bure inatosha kwa ratiba ya kupeleka oda na kwa mtihani wa uhasibu.